Shemeji ana milioni 20 anataka nusu ya duka, je ni haki?

*Swali: Mtaalamu habari. Nina duka la vifaa vya ujenzi Chanika, mwaka wa sita huu. Mali iliyomo ndani ni kama milioni 60 na faida napata milioni 3 kwa mwezi. Shemeji yangu anataka kuingia ubia aweke milioni 20 tugawane nusu kwa nusu. Kuna mtu mwingine anataka kulinunua lote anauliza bei. Sijui nimtajie ngapi, na huyu shemeji nimpe asilimia ngapi? Nimekutumia picha za daftari, orodha ya mali na risiti za manunuzi.*

Nimekaa na zile picha zako jumapili nzima, mwandiko wako bana unahitaji miwani, ila umefanya kitu ambacho wenye maduka tisa kati ya kumi hawafanyi, nacho ni kuhesabu mali mwezi wa kwanza ukaiandika. Bila hiyo orodha ya januari hili jibu ningeshindwa kulitoa. Jibu la haraka ni kwamba duka lako kwa sasa lina thamani ya kama milioni 54 na sio zaidi, shemeji kwa milioni 20 yake anastahili asilimia 27, na hata hiyo 27 usimpe kabla hujasoma mpaka chini, maana hesabu inaonyesha inaweza ikakuumiza we mwenyewe.

Tuanze na mali. Hiyo milioni 60 umeipata kwa kuchukua idadi ukazidisha na bei ya kuuzia. Nimeona koki umeziandika 12,000 wakati risiti yako ya Kariakoo inasema 8,500. Hiyo tofauti ya 3,500 ni faida ambayo bado haijapatikana, itapatikana siku mteja atakapoingia akatoa hela, na kazi ya kumngoja huyo mteja itakuwa ya mnunuzi sio yako. Mali ukiiuza pamoja na duka inahesabiwa kwa bei ya kununulia, tena ya leo, yaani ukitoka sasa hivi kwenda kwa wakala wako ukaijaze upya ingekugharimu ngapi. Nimepitia mstari kwa mstari kwa kutumia risiti zako za karibuni nikapata milioni 46.

Alafu inakuja sehemu chungu, mali iliyokufa. Kila duka linayo, na mwenye duka huwa haioni kwasababu ameizoea kama anavyozoea ufa kwenye ukuta. Njia ya kuijua ni kujiuliza kitu kimoja tu kwa kila mstari wa orodha, hiki mara ya mwisho nilikiuza lini? Nimelinganisha orodha yako ya januari na hii ya sasa, vitu ambavyo idadi yake haijasogea kabisa au imepungua kipande kimoja viwili nimevitenga. Kuna vigae vya boksi moja moja za rangi tofauti, hivyo havitoshi hata choo. Kuna rangi za mafuta za rangi ambazo mteja mmoja aliagiza akakimbia, kuna swichi za muundo wa zamani, na kuna mabomba ya kipimo ambacho mafundi wa huko kwenu wameacha kutumia. Kwa bei ya kununulia vinafika milioni 8, mi nimevipa milioni 4 na nimekuwa mpole. Kwahiyo mali yako ni milioni 42.

Hapo sijashika kitu kwa mkono, na mnunuzi anaejua kazi atashika. Mi nikienda kuhesabu duka la namna yako nafika asubuhi kabla hakujafunguliwa, nafunga mlango, naanza na saruji. Mfuko wa juu hauna maana, nauinua wa chini kabisa uliokaa karibu na sakafu naubonyeza pembe, kama pembe haibonyei basi imeshaganda na hiyo ni kifusi sio saruji, na hata ambayo haijaganda kama imepita miezi mitatu nguvu yake imeanza kushuka, fundi mzuri ataikataa. Kopo la rangi nalitikisa nasikiliza, ikiwa haichezi ndani nafungua. Bati naangalia la katikati ya rundo, sio la juu, maana maji yakiingia katikati ya mabati yaliyobanana yanaacha madoa meupe na mteja akiliona anataka punguzo. Nondo naweka utepe, kuna maduka nondo zimekatwa kipande zikarudishwa kwenye rundo na zinahesabiwa kama nzima. Misumari inapimwa upya kwa mizani, hainunuliwi kwa kuangalia gunia. Kazi hii inachukua siku nzima na watu watatu, na nimeshaona duka ambalo orodha ilisema 30 tukatoka na 21, na mwenye duka sio mwongo, alikuwa tu hajawahi kuhesabu.

Vifaa sasa. Guta lako la mataili matatu ulinunua milioni saba na nusu, leo ukilipeleka kwa dalali utapata nne, basi ni nne. Rafu na kaunta ulitumia milioni tatu na nusu, ila rafu zikishang'olewa ni mbao, nimezipa 1.2. Mizani, mashine ya kukatia, droo ya pesa na vingine 0.8. Jumla 6. Najua inauma, lakini hakuna anaekulipa hela uliyotumia, analipa hela ambayo ingemtoka akatafute kingine kama hicho mtumba.

Kuna vitu vitatu umesahau kabisa kuvitaja ambavyo ni vya kwako. Kodi ya fremu umelipa miezi sita na imebaki minne, 500,000 mara nne ni milioni 2. Pesa ya dukani na iliyoko kwenye Lipa Namba milioni 3. Na wadeni, daftari la mikopo lina milioni 8, ila nimeangalia tarehe, kama nusu yake ni ya zaidi ya mwaka, kuna fundi mmoja jina lake linarudi kila ukurasa. Nimehesabu 4. Ukweli ni kwamba ukiuza duka mnunuzi hatataka hao wadeni, hawamjui na hawatamlipa, utabaki nao we ukiwadai mwenyewe na bei ya duka itapungua hizo 4. Ni hela yako vilevile, inakuja tu kwa mlango mwingine.

Kwahiyo mali 42, vifaa 6, kodi ya mbele 2, wadeni 4, pesa 3, jumla ni 57. Toa unayodaiwa. Yale mabati ya mali kauli bado milioni 7 kwa wakala, mkopo wa saksosi umebaki 4, kodi ya TRA ya robo hii 1. Ni 12. Inabaki milioni 45. Hiyo ndo sakafu, yaani ukifunga duka kwa utulivu ukauza kila kitu bila haraka unapaswa kutoka na kitu kama hicho. Nimesema bila haraka. Ukitaka kuondoka ndani ya wiki mbili, wenzako wa mtaani watachukua mali kwa punguzo kubwa na utashukuru ukipata 30.

Sasa faida, na hapa ndo watu wengi wanadanganyika, muuzaji na mnunuzi wote. Milioni 3 kwa mwezi ni mwezi wa nane na wa tisa wakati watu wanajenga. Machi mpaka mei mvua za masika zikianza, barabara ya kuingia kwako inakuwa matope, lori halipiti, na daftari lako linaonyesha hivyo. Ndo maana faida haiulizwi kwa mwezi, inaulizwa kwa miezi kumi na miwili iliyofuatana, na hesabu yake lazima ipitie kwenye mali. Mwezi wa kwanza ulikuwa na mali ya 44 kwa bei ya kununulia, ukanunua mali ya 146 kwa mwaka mzima, na sasa una 46. Maana yake vilivyotoka vilikugharimu 144. Mauzo ni 188. Faida kabla ya matumizi ni 44. Matumizi uliyoandika ni 15, inabaki 29, sio 36. Ile 7 iliyopotea hakuna aliyeiba, haikuwepo tu. Na jihadhari na kitu kimoja, kuna watu wanachukua mauzo wanatoa manunuzi basi, hawaangalii mali imebaki ngapi. Ukiwa unauza bila kujaza rafu utaona faida nono kumbe unakula mtaji. Muuzaji mjanja anafanya hivyo makusudi miezi mitatu kabla ya kuuza, anaacha kununua, anaonyesha faida imepanda. Ukiona rafu zina nafasi nafasi na saruji imebaki mifuko kumi, shtuka.

Hiyo 29 nayo tuisafishe. Kwenye matumizi uliandika ada ya shule 2.5, hiyo sio ya duka, nimerudisha. Mlango uliovunjwa na wezi ukatengeneza kwa 1.5, haitokei kila mwaka, nimerudisha pia. Imekuwa 33. Alafu yale ambayo hukuandika. We mwenyewe unakaa dukani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku siku sita, hujilipi, unachukua chukua tu. Mnunuzi akiwa na kazi yake mjini atamwajiri mtu, na mtu anaejua nondo na anaeaminika na pesa huwezi kumpata kwa laki mbili kama yule kijana wa kubeba. Nimeweka laki 7 kwa mwezi, ni 8.4 kwa mwaka. Mama watoto anashika kaunta mchana, nae ni mfanyakazi hata kama ni mke, laki 3, ni 3.6. Guta linachakaa, baada ya miaka kama mitano utaliuza milioni moja na nusu ununue jingine, kwahiyo kila mwaka linakula 1.2. Na ile mali iliyokufa pamoja na wadeni waliokimbia, jumla 8, vimejikusanya kwa miaka kama minne na nusu, nimetoa 1.8 kwa mwaka maana vitaendelea kutokea.

Inabaki milioni 18. Hii ndo faida ya duka, kabla ya kodi ya mapato. Ile nyingine uliyokuwa unaiona faida ni mshahara wako na wa mkeo, mmeufanyia kazi, haununuliki. Nimewahi kukaa na mama mmoja mwenye duka la vipodozi, tulipotoa mshahara wake duka likabaki na faida ya laki nne kwa mwaka, akanyamaza muda mrefu alafu akasema kumbe nimejiajiri tu. Ndiyo, na hakuna ubaya, ila hapo hakuna jina la kuuza, yaani faida ya ziada inayoletwa na wateja waliokuzoea na kona uliyokaa, unauza mali na rafu.

Jina nalo linapimwaje? Njia ya mtaani ni kuzidisha faida mara mbili au mara tatu kisha wanajumlisha na mali, hapo wanahesabu kitu kimoja mara mbili, maana hiyo faida inazalishwa na mali hiyohiyo. Mi natumia njia ya zamani ya wahasibu. Milioni 45 imelala kwenye duka lako. Hiyo hela ingelala serikalini kwenye hatifungani za muda mrefu zinazouzwa kupitia Benki Kuu, miaka ya karibuni ungepata kama asilimia 12 hadi 15 kwa mwaka ukiwa umekaa nyumbani. Duka lina wezi, mvua na mwenye nyumba, kwahiyo mtu mwenye akili atataka zaidi, tuseme asilimia 20. Asilimia 20 ya 45 ni 9. Duka linaleta 18. Ile 9 ya juu ndo inayotokana na jina, mafundi waliokuzoea, kona uliyokaa, wakala anaekupa mali kauli bila kuandikishana. Mnunuzi atakulipa hiyo 9 kwa miaka kadhaa ya mbele, swali ni mingapi.

Kwako nimeweka mwaka mmoja tu, na sababu ni mkataba wa fremu. Umeniandikia kwamba na mwenye nyumba mnaelewana kwa mdomo, unalipa miezi sita sita. Maana yake mnunuzi akilipa leo, baada ya miezi minne mwenye nyumba anaweza akapandisha kodi au akamtoa akamweka mtoto wake, na kona ikiondoka jina limeondoka nalo. Kwa hiyo 45 na 9, ni 54. Ukimfuata mwenye nyumba mkaandikishana miaka mitatu kwa kodi inayojulikana, na ukakubali kwenye maandishi kukaa na mnunuzi mwezi mzima ukimtambulisha kwa mafundi na wakala, hapo naweza kukubali miaka miwili, inakuwa 63. Yaani karatasi moja na mwenye nyumba inaweza kukuingizia milioni 9, kuliko kubishana na mnunuzi wiki tatu. Na kumbuka fremu sio yako, hata kumkabidhi mtu mwingine inabidi mwenye nyumba aridhie, wengine wakishasikia unauza wanataka na wao kilemba chao, kwahiyo mfuate mapema kabla hajasikia kwa majirani.

Miaka hiyo haitoki kwenye kitabu, ni maamuzi, na mtaalamu mwingine anaweza akakupa moja na nusu nisibishane nae. Najipima kwa kugeuza upande wa pili: 54 kwa faida ya 18 ni miaka mitatu hela ya mnunuzi irudi. Kwa duka la kona hiyo ni sawa. Ningepata miaka sita ningejua nimekosea mahali.

Kwa huyu mnunuzi, usimtajie namba moja. Mwambie jina na vifaa ni bei fulani, alafu mali itahesabiwa siku ya makabidhiano kwa bei ya kununulia, mbele yenu wote, na kila mmoja anasaini orodha. Kati ya leo na siku ya kukabidhiana utakuwa umeuza na kununua, ukifunga bei moja lazima kuwe na ugomvi. Pesa ya dukani unaondoka nayo, wadeni unabaki nao, mali kauli na saksosi unalipa we kutokana na bei, na wakala akuandikie kwamba hakudai tena. Nae atakuomba usifungue duka kama hilo jirani kwa miaka miwili mitatu, ni haki yake, usikatae maana ndo jina lenyewe analolinunua.

Kitu kimoja hujanitumia nacho atakiuliza, ripoti za mashine ya EFD. Daftari linasema 188. Tuseme mashine inasema 131. Mnunuzi atakwambia mi naamini mashine, na hana kosa, daftari mtu anaweza akaliandika usiku mmoja kwa kalamu moja. Kwa uwiano wako wa faida, mauzo ya 131 yanaleta 30.7 badala ya 44, ile 18 inashuka mpaka chini ya 5, haifiki hata ile 9 ya mtaji kulala, jina lote linapotea na unabaki unauza mali tu, tena huenda chini ya 45. Unaweza kumwonyesha taarifa za Lipa Namba na risiti za manunuzi kuziba pengo, ila hapo utakuwa unamthibitishia mtu baki kwamba hukutoa risiti, na atajiuliza deni la TRA likija litamkuta nani. Ulichoficha kule usitegemee ulipwe huku.

Tuje kwa shemeji sasa. Neno moja tu linabadilisha kila kitu, hiyo milioni 20 inakwenda wapi? Ikiingia dukani ikanunua mali, duka linakuwa na thamani ya 54 na 20, ni 74, yeye ana 20 ndani ya 74, ndo hiyo asilimia 27. Ikiingia mfukoni mwako, labda unataka kumalizia nyumba, duka halijakua, linabaki 54, na yeye amenunua kipande chako, 20 ndani ya 54, ni asilimia 37. Watu wanagombana miaka kwasababu siku ya kwanza hawakuulizana hilo. Akitaka nusu kwa nusu alete 54 iingie dukani, au akulipe we 27 mkononi. Anapotoa 20 iingie dukani akataka nusu anasema miaka yako sita na kila kilichomo ndani ni milioni 20, wakati mali peke yake ni 42. Sidhani kama anakudhulumu, amegawa tu kichwani, tupo wawili basi nusu kwa nusu. Mwonyeshe hii hesabu kwa utulivu, ikiwezekana mama watoto awepo maana ni ndugu yake.

Lakini subiri kabla hujasema 27 sawa. Leo duka lina faida ya 18 yote yako. Akiingia utabaki na asilimia 73. Ili asilimia 73 ikupe tena 18, duka inabidi lilete kama 24.7, yaani ile milioni 20 lazima izalishe karibu 6.7 kwa mwaka. Ikizalisha 5, jumla 23, yeye anachukua 6.2 na we unabaki na 16.8, umepata mbia na umepata hasara. Na mali yako inazunguka kama mara tatu tu kwa mwaka, kila kitu kinakaa rafuni karibu miezi minne, kwahiyo ukiongeza mali ileile kwenye rafu zilezile itakaa tu, haitauzika zaidi. Hiyo 20 inatakiwa iwe na kazi inayojulikana. Kwa mfano umesema mafundi wanakuacha kwenye nondo kwasababu unanunua kwa wakala wa Gongo la Mboto kwa bei ya juu, kama 20 itakuwezesha kuchukua lori zima kwa msambazaji mkubwa, piga hesabu nondo ngapi kwa mwezi mara faida ya kila moja uone kama inafika 6.7. Kama haifiki, linganisha na mkopo. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 18, ukiwa unapunguza deni kila mwezi, mwaka wa kwanza riba haifiki hata 3.6 na siku ukimaliza kulipa duka ni lako lote. Ubaya wa mkopo ni kwamba benki haijui masika, mwezi wa nne wanataka rejesho lao, wakati shemeji mwezi mbaya anaumia na wewe. Mi kwa duka lako ningekopa nusu yake, ila sijui usingizi wako ukoje ukiwa na deni.

Ukiamua kumchukua, mwandikishane, na jambo la kwanza kwenye karatasi liwe mishahara. We laki 7, mama watoto laki 3, zinatoka kwanza kila mwezi, alafu kinachobaki ndo kinagawanywa 73 kwa 27. Msipoandika hivyo baada ya mwaka atauliza mbona we unachukua kila siku, na we utauliza mbona yeye haji dukani, na wote mtakuwa na haki. Na usije ukaacha kuandika asilimia ukijua mmeshaelewana sebuleni, kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, sura ya 345, wabia wasipokubaliana vingine faida na hasara wanagawana sawa, yaani 27 yako inageuka 50 kwa kunyamaza tu. Andikeni pia mtu akitaka kutoka thamani itapigwaje, tumieni njia hiihii, mali kwa bei ya kununulia, vifaa kwa bei ya mtumba, faida baada ya mishahara, na mmoja ana muda gani wa kumlipa mwenzie, mi huwa napendekeza miezi 12 mpaka 18 kwa awamu, maana ukidaiwa 20 yote siku moja itabidi uuze mali kwa bei ya kutupa. Na jina la biashara lililoko BRELA kwa sasa ni lako peke yako, libadilishwe lionyeshe wote wawili, ila akishaingia kama mbia mjue madeni ya duka yanamfuata na yeye mpaka nyumbani kwake, mwambie hilo mapema asije akasema hukumwambia.

Nitumie ripoti za EFD za miezi 12 na ile hesabu ya nondo. Na yule fundi wa kwenye daftari la mikopo, kabla ya kuongea na mtu yeyote kuhusu bei nenda kamdai, yeye peke yake ana laki nane na elfu arobaini yako.